Vipindi Sawa, Mizigo Tofauti

Muhula unapoanza, mkuu wa idara hukaa na karatasi ya ratiba, akahesabu mikondo, akazidisha kwa vipindi vya wiki, kisha akagawanya kwa idadi ya walimu alio nao. Jibu likitoka namba kamili, hushukuru na kubandika ratiba ukutani: kila mwalimu vipindi 16, hakuna aliyependelewa. Ikifika wiki ya sita hali imekwishabadilika. Mwalimu mmoja anaondoka shuleni kila jioni na mfuko wa madaftari, na insha za wiki mbili zilizopita bado hazijarudi kwa wanafunzi. Mwingine Alhamisi mchana ameshamaliza kila kitu. Manung'uniko yanaanza katika chumba cha walimu, na kwa kawaida lawama huelekezwa kwenye tabia za watu: huyu mvivu, yule hajipangi. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika siku ile ya ratiba, kwa kugawa vipindi na kudhani kuwa kazi imegawanyika. Kipindi hupima muda ambao mwalimu anasimama mbele ya darasa. Muda anaoutumia kabla ya kuingia na baada ya kutoka hakiupimi, na huko ndiko mizigo inakotofautiana.

Tuchukue idara ya Kiswahili ya shule ya sekondari ya kutwa, yenye walimu wanne na mikondo minne kwa kila kidato, kuanzia cha Kwanza hadi cha Nne. Ni idara ya kubuni, na msomaji anaweza kuziondoa namba zake akaweka za shule yake. Kila mkondo una vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki. Kila mwalimu amepewa kidato kimoja na mikondo yake yote minne, kwa hiyo kila mmoja ana vipindi 16, sawa na saa 10 na dakika 40 za kufundisha. Madarasa yanapungua kadiri kidato kinavyopanda: mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza una wanafunzi 70, wa Pili 60, wa Tatu 45 na wa Nne 40. Kwa mtazamo huo wa haraka, mwenye haki ya kulalamika ni mwalimu wa Kidato cha Kwanza. Ana wanafunzi 280, ilhali mwenzake wa Kidato cha Nne ana 160 tu.

Sasa tuhesabu usahihishaji. Kidato cha Kwanza na cha Pili wanafanya zoezi fupi moja kila wiki, la kuandika upya sentensi au kujaza nafasi, na daftari moja linachukua dakika mbili. Kwa wanafunzi 280 hizo ni saa 9 na dakika 20 kila wiki. Kwa wanafunzi 240 wa Kidato cha Pili ni saa 8. Kidato cha Tatu wanaandika insha moja kila baada ya wiki mbili, na insha moja inasomwa na kusahihishwa kwa dakika sita, hivyo wastani wa wiki ni saa 9. Kidato cha Nne wanajiandaa kwa mtihani wa taifa na wanaandika insha kila wiki. Insha 160 kwa dakika sita ni saa 16. Mwalimu mwenye wanafunzi wachache kuliko wote ndiye mwenye usahihishaji mwingi kuliko wote, kwa sababu uzito unatokana na aina ya kazi na mara inavyojirudia, zaidi ya idadi ya vichwa darasani. Kugawa kwa vipindi kungemficha mwalimu huyu, na kugawa kwa idadi ya wanafunzi kungemficha zaidi.

Kuna kazi ya tatu, nayo ni maandalizi. Andalio la somo, kutafuta mifano, kuandaa kielelezo au kifungu cha ufahamu: tukadirie saa moja kwa kila somo jipya. Mwalimu mwenye kidato kimoja anaandaa masomo manne kwa wiki na kuyafundisha kila moja mara nne katika mikondo yake, kwa hiyo maandalizi yake ni saa 4. Angekuwa na vidato viwili, hata kama vipindi vyake vingebaki 16 vilevile, maandalizi yangepanda hadi saa 8. Jambo hili dogo tutalihitaji baadaye, kwani ndilo linaloharibu marekebisho mengi ya ratiba yanayofanywa kwa nia njema. Tukijumlisha kufundisha, kusahihisha na kuandaa, mwalimu wa Kidato cha Kwanza anahitaji saa 24 kwa wiki, wa Pili saa 22 na dakika 40, wa Tatu saa 23 na dakika 40, na wa Nne saa 30 na dakika 40. Idara nzima inahitaji saa 101.

Nusu ya hesabu imekamilika, na wengi huishia hapa. Wanaona kwamba mwalimu wa Kidato cha Nne amelemewa na wengine watatu wanalingana. Lakini saa za kazi hazina maana mpaka ziwekwe kando ya saa alizo nazo mtu. Tuseme wiki ya shule ni saa 40. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa kikomo cha muda wa kawaida wa kazi kwa wiki, kwa hiyo bado tuko ndani ya sheria. Ondoa kwanza saa 5 ambazo kila mwalimu anazitumia kwa paredi, vikao na wastani wa zamu. Zinabaki 35. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza hana wadhifa mwingine, hivyo anazo zote 35. Wa Kidato cha Pili ni msaidizi wa mwalimu wa taaluma, kazi inayomla saa 9, zinabaki 26. Wa Kidato cha Tatu ni mama anayenyonyesha, na sheria hiyohiyo inamruhusu hadi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya mtoto. Siku tano ni saa 10, zinabaki 25. Wa Kidato cha Nne ni mwalimu wa darasa, na mahudhurio, wazazi na kesi ndogondogo zinamchukulia saa 3, zinabaki 32. Jumla ya muda wa idara ni saa 118.

Gawanya kazi ya kila mmoja kwa muda alio nao, na picha inabadilika. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza anatumia asilimia 69 ya muda wake, wa Pili asilimia 87, wa Tatu asilimia 95, na wa Nne asilimia 96. Mama wa Kidato cha Tatu, ambaye kwa saa tupu alionekana ana kazi pungufu kidogo kuliko mwenzake wa Kidato cha Kwanza, kumbe amebanwa karibu sawa na yule wa Kidato cha Nne. Idara nzima inatumia saa 101 kati ya 118, yaani asilimia 86. Hiyo ndiyo namba ya kulenga. Mgawanyo ulio sawa ni ule unaomfikisha kila mwalimu karibu na asilimia 86 ya muda wake mwenyewe, hata kama saa zao zitapishana. Kumpa kila mtu saa zilezile kungekuwa kumwadhibu anayenyonyesha na anayebeba kazi ya taaluma.

Katika kuondoa saa za wadhifa, uangalifu mkubwa unahitajika kwa kazi zisizo na jina. Kuna mtu anayechapa mitihani ya wote, anayeandika kumbukumbu za kikao, anayewapokea wageni, anayetunza kabati la vitabu. Hazionekani kwenye ratiba wala kwenye barua ya uteuzi, na mara nyingi huangukia kwa asiyejua kukataa. Linda Babcock na wenzake walichapisha mwaka 2017, katika jarida la uchumi la Marekani, majaribio yaliyoonyesha kwamba katika vikundi vyenye wanaume na wanawake, wanawake walijitolea kwa kazi isiyo na faida kwa mtendaji karibu nusu zaidi ya wanaume, na pia ndio walioombwa zaidi kuifanya. Kwa mkuu wa idara funzo ni la vitendo. Kabla ya kupiga hesabu yoyote, pitisha karatasi tupu na kila mwalimu aandike kila anachofanya shuleni nje ya kufundisha, kisha kila kilichoandikwa kikadiriwe kwa saa kama wadhifa rasmi unavyokadiriwa. Kazi ambayo haimo kwenye hesabu itaendelea kubebwa na yuleyule, tena bure.

Swali linalofuata ni zito zaidi: dakika mbili za daftari na dakika sita za insha zimetoka wapi? Zikitoka kichwani mwa mtu, hesabu yote imejengwa juu ya mchanga. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao zitawachukua siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, na kwa kweli ziliwachukua siku 55.5. Hata walipoombwa wakadirie iwapo kila kitu kingekwenda vibaya, wastani wao ulikuwa siku 48.6, bado chini ya ukweli. Mtu anapokadiria kazi yake huiona ikienda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na husahau umeme uliokatika, mgeni aliyeingia na insha iliyomlazimu kusoma mara mbili. Kasoro ya pili inahusu kulinganisha. Michael Ross huyohuyo, pamoja na Fiore Sicoly, walionyesha mwaka 1979 kwamba wanandoa wakiulizwa kila mmoja anafanya sehemu gani ya shughuli za nyumbani, majibu ya wawili yakijumlishwa huzidi kazi yote iliyopo. Hawadanganyi. Kila mmoja anakumbuka jasho lake vizuri kuliko la mwenzake. Wahenga walikwishalisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana kikao cha walimu cha kujadili nani amelemewa, bila vipimo, huishia katika ugomvi wa watu wanne ambao wote wanasema kweli.

Dawa ni kupima kwa saa ya mkononi, kidogo na kwa makusudi. Hakuna haja ya kumfuata mwalimu mwezi mzima. Kila mwalimu achukue rundo la kawaida, asahihishe madaftari kumi mfululizo mwanzoni na mengine kumi karibu na mwisho, aandike muda wa kila kundi. Vikundi viwili vinahitajika kwa sababu ya uchovu: insha ya 50 haisahihishwi kwa kasi ya insha ya tano, na anayepima mwanzoni tu atajipunja. Kisha idara ikae pamoja na kukubaliana kipimo kimoja kwa kila aina ya kazi, ikiwa imeeleza pia kazi hiyo inafanywa kwa kiwango gani. Dakika sita za insha ni za kusoma yote, kuweka alama za makosa ya lugha na muundo, na kuandika sentensi moja ya ushauri mwishoni. Bila maelezo hayo, anayeweka alama ya vema na kupita atakuwa na dakika mbili, na atasifiwa kwa kasi ambayo ni upungufu.

Kwa nini kipimo kimoja kwa wote, wakati kasi za watu zinatofautiana? Hapa sekta ya afya imetangulia. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya kukadiria mahitaji ya watumishi kwa kuangalia mzigo wa kazi, inayojulikana kwa kifupi WISN, iliyotolewa mwaka 1998 na kuboreshwa mwaka 2010. Kipimo chake cha kila shughuli ni muda unaohitajiwa na mtumishi aliyefunzwa na mwenye ari kuifanya kwa kiwango cha taaluma, katika mazingira halisi ya kituo kile. Maneno hayo yanajibu swali letu. Ukitumia kasi ya kila mtu, mwepesi ataongezewa kazi kila anapoonyesha wepesi, na baada ya muhula mmoja atajifunza kuuficha. Ukitumia kipimo cha pamoja, dakika anazookoa ni zake, na anayechelewa bila sababu anabeba uchelewaji wake mwenyewe. Mwalimu mgeni kazini ni suala jingine. Yeye aongezewe waziwazi nusu saa kwa kila andalio katika mwaka wake wa kwanza, na nyongeza hiyo iondolewe mwaka unaofuata.

Sasa turudi kwenye idara yetu na kurekebisha. Wazo la kwanza linalokuja ni kuhamisha mkondo mmoja wa Kidato cha Nne kwenda kwa mwalimu wa Kidato cha Kwanza, mwenye nafasi kubwa. Mkondo huo una saa 2 na dakika 40 za kufundisha na saa 4 za kusahihisha, jumla saa 6 na dakika 40. Inaonekana atazimudu. Lakini hapa ndipo linapoingia lile jambo dogo la maandalizi: hajawahi kuandaa masomo ya Kidato cha Nne, kwa hiyo anaongezewa saa 4 nyingine. Kazi yake inafika saa 34 na dakika 40, yaani asilimia 99 ya muda wake, huku mwenzake akishuka hadi asilimia 75. Tumemtua mmoja na kumtwika mwingine, na kazi ya idara imeongezeka kutoka saa 101 hadi 105 bila mwanafunzi hata mmoja kupata somo la ziada.

Njia bora ni kuhamisha kile kinachohamishika bila gharama mpya, nacho ni usahihishaji. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza achukue kila wiki insha za mkondo mmoja wa Kidato cha Nne, saa 4, na katika kila awamu ya insha za Kidato cha Tatu achukue mkondo mmoja, wastani wa saa 2 na dakika 15 kwa wiki. Kazi yake inakuwa saa 30 na robo, asilimia 86. Mama wa Kidato cha Tatu anabaki na saa 21 na dakika 25, asilimia 86. Wa Kidato cha Nne anashuka hadi saa 26 na dakika 40, asilimia 83. Wa Pili hajaguswa, yuko asilimia 87. Wote wamekaa kati ya 83 na 87, na jumla ya idara imebaki saa 101. Insha zitolewe kwa zamu, mikondo miwili ya Kidato cha Tatu wiki hii na miwili wiki ijayo, la sivyo wastani mzuri utaficha wiki moja ya mafuriko na nyingine ya ukame.

Atakayepinga atasema kwamba mwalimu asiyesahihisha insha za wanafunzi wake hajui wanakosea wapi. Pingamizi hili ni la kweli na linataka jibu la kweli. Kwanza, mkondo unaotolewa ubadilishwe kila awamu, ili kila mwalimu asome insha za kila mkondo wake mara tatu kati ya nne. Pili, pawe na mwongozo mmoja wa kusahihisha, na walimu wawili wasahihishe insha tatu zilezile kabla ya kuanza. Wakipishana sana kwa alama, wajue mwongozo haujaeleweka. Tatu, anayerudisha rundo arudishe pia karatasi ya makosa matano yaliyojirudia. Hayo yote yanakula labda nusu saa kwa wiki, na faida yake ya pembeni ni kwamba alama za mkondo mmoja na mwingine zinaanza kulingana.

Wengine watauliza kwa nini tunaishia asilimia 86 na kuacha saa 17 za idara zikielea. Hazielei. Zinamsubiri mzazi aliyekuja bila miadi, daftari lililopotea, mwalimu aliyeumwa siku mbili. Elimu ya foleni, iliyoanzia katika utafiti wa Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen uliochapishwa mwaka 1909, inaeleza ubaya wa kujaza muda hadi ukingoni. Katika foleni ya aina rahisi kabisa, ambako kazi zinaingia bila mpangilio na mhudumu ni mmoja, mhudumu anayetumika asilimia 80 ya muda wake anaifanya kazi mpya isubiri kwa wastani muda wa kumaliza kazi nne. Akifika asilimia 90 inasubiri muda wa kazi tisa, na akifika 95 muda wa kazi kumi na tisa. Kazi za shule zina mpangilio zaidi, kwa hiyo namba hizo zichukuliwe kama mwelekeo tu. Mwelekeo wenyewe ndio unaoeleza kwa nini mwalimu wa asilimia 96 alikuwa na insha za wiki mbili mezani. Kila dharura ndogo ilimrudisha nyuma, na hakuwa na saa ya kulipia deni.

Pingamizi jingine linatoka kwa walimu wenyewe: ualimu ni wito, na wito haupimwi kwa dakika. Ni kweli kwamba hesabu hii haioni kila kitu. Haioni uzito wa kumsikiliza mwanafunzi aliyefiwa, wala haitofautishi darasa tulivu na darasa linalomaliza sauti ya mwalimu. Lakini anayekataa kupima hajaepuka kipimo. Idadi ya vipindi ni kipimo pia, na tumeona kinavyompunja mtu. Namba ziwe mwanzo wa mazungumzo. Mwalimu akisema darasa fulani ni gumu kuliko kipimo, wenzake wakakubali, aongezewe dakika na sababu iandikwe. Wengine wanahofia kwamba watu watajaza chumvi. Kinga yake imo ndani ya utaratibu wenyewe. Kipimo ni cha wote na kimetokana na madaftari yaliyopimwa, kwa hiyo anayetaka kukikuza anawakuzia na wenzake, na hapati upendeleo wowote. Hoja ya ukongwe nayo hujitokeza: mwalimu wa miaka 20 asibebeshwe sawa na wa jana. Shule ikiamua hivyo, na iamue, lakini uamuzi huo uandikwe kama saa zinazoondolewa kwenye muda wa mkongwe, ili wote waone ni ngapi na nani anazibeba. Heshima iliyofichwa kwenye ratiba huzaa chuki.

Kuna hali ambayo hakuna mgawanyo utakaoitatua, na kazi ya hesabu hapo ni kusema hivyo mapema. Tuseme mwalimu wa Kidato cha Tatu amehamishwa katikati ya muhula na mbadala hajaletwa. Muda wa idara unashuka hadi saa 93. Mikondo yake minne haiwezi kubebwa na mtu mmoja, kwa hiyo itagawanywa kwa angalau wawili, na maandalizi yataongezeka saa 4. Kazi inakuwa saa 105, asilimia 113 ya muda uliopo. Kusema "tutasaidiana" hakuzipunguzi saa hizo. Kunaamua tu kwamba zitalipwa usiku na mtu asiyejulikana. Kinachobaki ni kupunguza kazi. Insha za Kidato cha Nne zikiwa za kila baada ya wiki mbili, zinaokolewa saa 8. Mazoezi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili wiki moja yakisahihishwa na mwalimu na wiki nyingine wanafunzi wakisahihishana darasani kwa majibu ya ubaoni, zinaokolewa saa 8 na dakika 40. Kazi inashuka hadi saa 88 na dakika 20, asilimia 95. Bado hakuna akiba, na hapo mkuu wa idara ana karatasi ya kumpelekea mkuu wa shule. Haombi huruma. Anaonyesha kilichokwishapunguzwa, kinachozidi, na kwamba mwalimu wa kujitolea wa saa kumi na chache angewarudisha wote mahali pa kupumua. Mkuu wa shule asipoweza kumpata, basi ni yeye atakayechagua ni zoezi gani jingine lisifanyike, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kuchagua.

Hesabu ya Januari haitafaa Juni. Wanafunzi wanahamia, mtoto anaacha kunyonya, wiki ya mitihani ya muhula inakuja na hesabu yake tofauti, ambamo kufundisha kunasimama na kusahihisha kunafurika. Wiki ya nne ya muhula ni wakati mzuri wa kuangalia kama makadirio yameshika, na ishara ya kutazama ni moja: siku ambazo rundo linakaa kabla ya kurudi kwa wanafunzi. Kama rundo la mwalimu mmoja tu linachelewa, ama kuna kazi yake isiyoandikwa ama amepewa zaidi ya muda alio nao, na hilo liulizwe kabla ya kuuliza tabia yake. Kama marundo ya wote yanachelewa kwa pamoja, kipimo chenu cha dakika kiko chini ya ukweli, pimeni upya. Na kama rundo la mtu mmoja linarudi kesho yake kila mara, lisomwe kwanza daftari moja la juu kabla ya kumwongezea kazi. Huenda ni mwepesi, na huenda ameacha kusoma. Ratiba ya ukutani haitakuambia ni lipi kati ya hayo.